Alhamisi za Mwalimu Yustina

Mtu akiniuliza habari za Mwalimu Yustina, aketi kwanza. Mimi Mwaisha sijui kumsifu mtu kwa mkato, na huyu nitamsifu mpaka chai ipoe.

Alikuja kwetu huku Ziwani, kando ya mto Ruvuma, mwaka ule kijiji chetu cha ujamaa kilipopata darasa la saba kwa mara ya kwanza. Mngoni wa Songea, Mkatoliki, mwembamba, sauti ndogo. Sisi kina mama tulipomwona anashuka kwenye lori la chama cha ushirika na sanduku lake la bati, tulitazamana. Huyu ndiye atawatuliza watoto wetu? Mwanangu Tabu alikuwa darasa hilo hilo la saba, na Tabu, nasema ukweli wa Mungu, alikuwa msahaulifu hata umtume chumvi akarudi na kiberiti.

Mtihani wa la saba ulikuwa mwisho wa mwaka, nao haukuulizi ulichosoma jana tu. Unakuuliza ya la tano, ya la sita, yote. Na watoto walikuwa wameshayatupa. Mwalimu Yustina aliligundua hilo wiki yake ya kwanza. Alisimama mbele akauliza darasa zima, "Mbu anayeeneza malaria ni yupi?" Kwa zile desturi zetu, darasa likaitikia kwa pamoja hadi bati likalia: "Anofelesi jike!" Akafurahi. Kisha akawaita mmoja mmoja mezani, akawauliza swali lile lile kwa sauti ya chini. Wengi wakatazama dari. Kumbe wanne watano wanajua, waliobaki wanafungua midomo nyuma yao, kama watu wa msibani wasiojua maneno ya kaswida.

Basi akaanza kazi yake. Alikata maboksi ya chaki akapata kadi, kila kadi swali moja. Akatafuta makopo matatu matupu ya mafuta ya Kimbo. Moja nilimpa mimi mwenyewe. Kopo la wiki, kopo la mwezi, kopo la muhula. Kila alichofundisha kiliandikiwa swali likaingia kopo la wiki. Kila wiki alichomoa kadi kumi, nyingi za kopo la wiki, chache za kopo la mwezi, moja mbili za muhula, akazichanganya, historia juu ya sayansi, jiografia juu ya siasa. Swali ambalo darasa limeliweza linahamia kopo linalofuata, likapumzike muda mrefu zaidi kabla ya kuulizwa tena. Swali lililowashinda wengi linarudi kopo la wiki, hata kama lilikwisha fika la muhula. Halihurumiwi.

Na masharti yake! Daftari zimefungwa. Hakuna kuitikia. Kila mtu anaandika jibu lake kwenye kipande cha karatasi, na asiyekumbuka ajaribu kwanza, akishindwa aache pengo. Wakimaliza tu, hapo hapo anawapa majibu na kueleza, kila mtoto anajisahihisha mwenyewe, naye anahesabu mikono ya waliopata. Hakuna fimbo, hakuna alama za kupeleka ofisini.

Mwanzo aliweka siku ya Ijumaa, kipindi cha mwisho. Haa! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwendea, maana nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule. "Mwalimu, shikamoo mimi sikupi, u mdogo kwangu, lakini nitakupa shauri. Ijumaa kipindi cha mwisho nusu ya darasa lako iko msikitini. Unawauliza madawati?"

Alijipiga kipaji cha uso. "Mama Tabu, huko kwetu Wakatoliki Ijumaa ni ya kuacha nyama na kula samaki tu!" Tukacheka wote. Ikawa Alhamisi, kipindi cha kwanza, kabla ya somo jipya lolote.

Alhamisi ya kwanza Tabu alirudi analia. Kati ya kumi alipata mawili. Nikafunga kanga vizuri nikaenda shule, na mimi nikienda mahali kwa hasira watu hufunga mbuzi. "Mwalimu, mtoto anasoma daftari lake kila jioni, namwona kwa macho yangu! Sasa haya mawili ni kitu gani?"

Alinisogezea kiti. "Anasoma, Mama Tabu, na kusoma tena ndiko kunakomdanganya. Akiona maneno anasema, aa, haya nayajua. Anayajua yakiwa mbele ya macho. Jaribu leo: lifunge daftari, umwulize. Akihangaika kulitafuta jibu kichwani, usimkatize. Kule kuhangaika ndiko kunakolikaza. Na kabla hajalisahau kabisa, umwulize tena. Kichwa ni kama njia ya shambani, isipopitwa inaota majani."

Nilirudi nimenyamaza, jambo ambalo mume wangu alilisimulia kijiji kizima. Tangu siku hiyo, nikimenya muhogo namwuliza Tabu. Mara Majimaji ilianza mwaka gani, mara Ruvuma unamwaga maji bahari gani. Hilo la Ruvuma alinijibu kwa kiburi, "Mama, si huo hapo!" Nikamwambia, "Mtihani haujui kama uko hapo. Jibu." Mawili yakawa manne. Manne yakawa saba. Nilikuwa nikipita sokoni nayatamka hayo saba bila kuulizwa.

Sasa, Mwalimu Mkuu wetu, Ndugu Filipo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Muhtasari wa masomo ulipaswa kumalizwa, na Alhamisi zile zilikuwa zinakula kipindi. Mwalimu Yustina alikuwa nyuma mada mbili. "Yaliyopita si ndwele, Mwalimu," alimwambia mbele ya kamati, "tugange yajayo."

"Mtihani, Mwalimu Mkuu, ni wa yaliyopita matupu," akajibu kwa sauti yake ile ndogo.

Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia. Lakini Ndugu Filipo alikwisha andika wilayani. Mkaguzi atakuja, akiona mambo hayaendi, Mwalimu Yustina ataondolewa la saba apewe la kwanza, na la saba alichukue mwingine atakayemaliza muhtasari mbio mbio. Siku ile sikula vizuri. Mwanangu alikuwa anaanza tu kushika, leo wamwondolee mtu wake?

Mkaguzi alikuja siku ya Jumatatu, na kamati tukaitwa kumpokea. Bwana mmoja mrefu, kaunda suti, miwani. Mimi na wenzangu tukakaa dawati la nyuma la darasa la saba, magoti yamegota kidevuni. Mwalimu Yustina alisimama pembeni, mikono nyuma. Ndugu Filipo alisimama mlangoni.

Mkaguzi akachukua kitabu cha historia cha la tano, akafungua katikati. Akainua mkono juu kama mwalimu wa kwaya. "Haya, wote kwa pamoja! Vita vya Majimaji vilianza mwaka gani?"

Kimya.

Si kimya cha kunong'ona, kimya kabisa. Watoto arobaini waliinamisha vichwa. Mkaguzi akauliza la sayansi: mishipa inayotoa damu moyoni inaitwaje? Kimya. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka gani? Hilo hata mbuzi wa Ziwani analijua, na bado kimya! Ndugu Filipo alijipangusa jasho. Mkaguzi akauliza mengine mawili, akafunga kitabu.

"Mwalimu, darasa lako ni bubu."

Nilitaka kusimama nimwambie yule bwana la kumwambia. Lakini Mwalimu Yustina alinitangulia.

"Ndugu Mkaguzi, hawaitikii. Wanaandika. Tafadhali, zunguka uone."

Mkaguzi akaangalia vizuri. Kweli, kila mtoto alikuwa na kipande cha karatasi chini ya mkono wake. Akaanza kuzunguka. Dawati la kwanza akasoma, akasoma tena. La pili, la tatu. Mwendo ukapungua. Elfu moja mia tisa na tano, elfu moja mia tisa na tano, dawati baada ya dawati, kwa miandiko tofauti. Jumanne, mtoto wa jirani yangu aliyekuwa amerudia darasa, naye alikuwa nao mwaka huo, na ateri kaiandika vizuri kabisa. Pale nikaanza kuvimba kichwa.

Akafika kwa Tabu. Akachukua karatasi yake. Manne yamejibiwa, moja pengo jeupe. "Hili mbona tupu?"

Tabu akasimama. Ya Rabi, nilifumba macho.

"Sikulikumbuka, Ndugu Mkaguzi."

"Na mwenzako hapa kaandika. Hukuona?"

"Sikuchungulia. Nikichungulia mwalimu atadhani nalijua, halitarudi kopo la wiki. Nataka lirudi."

Mkaguzi akavua miwani. Akatoka, akaingia darasa la sita la Ndugu Filipo mwenyewe, jirani tu, na sisi wajumbe tukamfuata kama vifaranga. Maswali yale yale, mkono juu: la sita likaitikia hadi popo wakaruka darini. Ndugu Filipo akapata tabasamu. "Vizuri sana," akasema Mkaguzi. "Sasa kila mtu aandike, kimya kimya."

Penseli zilienda masikioni, zikaenda mdomoni. Karatasini hazikwenda. Sitawataja waliopata, ni watoto wa watu, na tena wangeweza kuhesabiwa na mtu mwenye mkono mmoja.

Ofisini Mkaguzi aliwaita wote wawili, kamati tukasimama dirishani bila aibu. Alisema mada mbili zilizobaki zitafundishwa vipindi vya jioni, Mwalimu Yustina atabaki la saba mpaka mtihani, na Alhamisi isiguswe. Nilipiga vigelegele vile nilivyovizuia mwezi mzima. Mkaguzi alishtuka akaangusha kalamu.

Nilingoja kuona Ndugu Filipo atafanyaje. Mtu mwingine angenuna. Yeye akamgeukia Mwalimu Yustina mbele yetu sote.

"Mwalimu, watoto wangu wa la sita ndio la saba lako la mwakani," akasema. "Nifundishe namna ya kuandika kadi."

Mwalimu Yustina, ambaye hakulia alipoitwa mwalimu wa darasa bubu, ndipo alipolia. Nami nikaenda nyumbani moja kwa moja, nikayayeyusha mafuta ya Kimbo ambayo hata hayajaisha, nikayamimina sufuriani, nikalipeleka kopo shuleni kwa Ndugu Filipo likiwa bado la moto.