Picha ya Mama Inayocheza

Simu yangu ilijaa nikiwa kazini, kwenye ghala moja la Jebel Ali, Dubai. Mlinzi mwenzangu, Mkenya, akanicheka: "Zima hii motion photo, bro. Ndiyo inakumalizia space." Akaizima, picha mpya zisirekodi video tena, kisha akanionyesha kwamba za zamani bado zimebeba video yenye sauti, ya sekunde chache kabla ya kubonyeza.

Nikafungua picha ya mwisho ya mama, niliyompiga likizoni kabla hajafariki. Nilipoichezesha, mama akasogea. "Mwanangu, huko unakorudi..." alianza, na dada yangu akamkatiza: "Mama, hebu nyamaza bwana, unapigwa picha!" Mama akafunga mdomo, akatabasamu.

Dada huyohuyo, tangu mazishi, ananisumbua nimtafutie japo neno moja la sauti ya mama. Kuihamisha iwe video na kumtumia ni kazi ndogo tu. Mimi na yeye tuna ugomvi wetu, lakini si wa kumlipizia kwa kumsikilizisha hiyo "nyamaza" yake.

Nikamtumia kama picha ya kawaida, ikafika imetulia, haina sauti.

"Asante," akajibu. "Laiti ungekuwa na sauti yake."

Nikaandika, "Sina."