Sindano Tisa za Printa ya Mama

Ilianza Jumanne, saa tisa na robo alasiri, nikiwa bado na sare ya shule. Dukani kwetu, tunapowachapia watu, printa ya mama ilitoa karatasi yenye mstari mweupe uliokata kila herufi katikati. Mama akarudia. Mstari uleule. Akaikunja ile karatasi, na mimi nikajua anawaza nini. Keshokutwa mwalimu wa shule ya Ikungi angekuja kuchukua stensili za mitihani, zile karatasi za nta za kudurufia. Akizikuta mbovu, angehamia duka la pale stendi, na shule ikishahama hairudi. Kingebaki nini dukani kwetu? Barua za kuomba kazi, basi.

Mjomba, mdogo wake mama, anauza redio na vyombo vya plastiki sokoni. Aliposikia alifika mbio na boksi begani.

"Dada, hiyo yako inalia kama mbuzi anachinjwa. Itupe."

"Mbuzi huyo ndiye anakulisha wali kila Ijumaa," mama akamjibu.

Mjomba akacheka, akaweka diski zake kwenye kompyuta, akaunganisha printa mpya ya wino wa maji. Ikachapa ua jekundu, bila kelele. Sitaki kudanganya: niliitamani. Rangi ilikuwa inatoka mahali pasipokuwa na rangi! Nikaligusa lile ua, kidole kikawa chekundu, nikakificha nyuma ya sketi.

"Katriji yake bei gani?" mama akauliza.

Mjomba akataja haraka haraka. Katriji mbili zilikaribia bei ya mashine yenyewe.

"Inatoa kurasa ngapi?"

"Mia kadhaa, inategemea unaandika nini."

"Na nisipochapa wiki nzima, na upepo huu wetu na vumbi?"

"Aa, unachapachapa tu kidogo, isikauke."

"Kwa hiyo nainywesha hata siku isiyo na kazi." Mama alikuwa na utepe wa printa ya zamani mkononi. Utepe ule tunautia wino wenyewe, na ukichakaa mpya haufikii hata robo ya bei ya katriji. Kisha akachukua stensili, ile karatasi yake ya nta, akampa mjomba. "Haya, pitisha na hii."

Ikapita bila shida. Mama akaiinua dirishani. Wino ulikuwa umesimama juu ya nta, vitone vitone kama umande, na hakuna hata herufi moja iliyopitisha mwanga. Nikaelewa hapo hapo. Printa yetu inagonga. Tukiutoa utepe, sindano zake hutoboa nta, na wino wa mashine ya kudurufu hupenya kwenye matobo hayo. Hii mpya inatema tu.

"Sasa dada, si hata hiyo yako imekufa?" mjomba akasema, safari hii polepole.

Hapo alisema kweli. Mama akanituma kwa fundi wa redio, mtaa wa pili. Nilimsalimia shikamoo kwa sauti ndogo mpaka akaniuliza mara mbili nimesema nini.

Fundi alikuja, akakifungua kichwa cha printa, kidude kinacholingana na kiberiti. Akanipa lenzi. "Angalia, binti."

Niliangalia. Sindano tisa, nyembamba kama nywele, zimepangwa mstari mmoja. Hizo tu! Barua zote, mitihani yote, majina ya watu wote niliowahi kuchapa yalitoka kwenye nukta tisa. Nilisahau kumrudishia lenzi. Nane zilikuwa zinang'aa. Moja ilikuwa imezama, imezungukwa na uchafu mweusi.

"Kama koili, ule waya unaoisukuma sindano, imeungua, ununue kichwa kizima, na kinaagizwa Dar," akamwambia mama. "Bei yake, afadhali umpe mdogo wako pesa ya hii mpya." Akapima kwa mita, moja baada ya nyingine. Zote tisa zilisoma sawa. Akashusha pumzi. "Koili ni nzima. Hii ni nta ya stensili zako, mama. Imeganda humu."

Akaloweka ncha za sindano kwenye spiriti. Tukangoja. Mjomba aliyesema anaondoka hakuondoka. Sindano ilipojitokeza sawa na wenzake, fundi akakausha, akarudisha kichwa, akashikilia kitufe cha kusukuma karatasi huku anawasha, ili ijipime yenyewe. Mbuzi akalia. Herufi zikatoka nzima.

"Usinisifu sana," fundi akasema. "Rola hii inayovuta karatasi imekuwa ngumu. Miaka miwili, mitatu, uibadilishe. Na ukimaliza stensili, safisha."

"Rola naiweza," mama akasema. Mjomba akafunga boksi lake, akaomba chai.

Asubuhi, kabla ya shule, mama aliniachia kiti chake. Nikatoa utepe, nikaweka stensili ya kwanza ya Ikungi, nikasubiri kelele iishe. Nikaipeleka dirishani. Jua lilipita kwenye kila herufi, likaangukia mkono wangu. Nikachukua pamba na spiriti, nikasafisha zile sindano, kisha nikaweka stensili ya pili.