Fomu ya Sendofu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipochumbiwa nilijitwika mwenyewe kazi ya kutengeneza ukurasa wa mwaliko wa sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Kutengenezea watu tovuti ndiyo kazi inayonilisha, katika ofisi ya chumba kimoja pale Themi, na nisingevumilia mwaliko wa nyumbani kwetu utengenezwe na mtu mwingine.

Fonti zilinimalizia siku mbili. Nilitaka herufi zenye mikia na mapindo, ukurasa mzima. Shangazi alipopewa aujaribu akasogeza simu mbali, akairudisha karibu, kisha akaniuliza kwa upole kama hicho ni Kiarabu. Nilinuna, lakini nikamsikiliza. Mapindo nikayaacha kwenye jina la bibi harusi peke yake. Tarehe, saa, ukumbi na ramani nikaviweka kwa herufi za kawaida. Chini kabisa ikakaa fomu: jina lako, je utafika, Ndiyo au Hapana, mtakuwa wangapi, halafu kisanduku cha ujumbe kwa anayetaka. Maswali matatu ya mwanzo niliyafanya ya lazima, asiyeyajibu hawezi kutuma. Kila jibu lilikuwa linaingia kwenye jedwali langu, mstari mmoja kwa mtu mmoja.

Juu ya yote niliandika kwamba familia ya marehemu baba yetu inakualika. Nililia kidogo nilipoiandika, na nikajiona binti mwema.

Baba alifariki mdogo wangu akiwa chekechea. Aliyetuchukua ni baba mdogo, akatulea kwake Oldonyo Sambu pamoja na wanawe, bila kututenga hata kwa sahani. Sisi tunamwita baba, basi. Siku ya sendofu ndiye angesimama na kumkabidhi binti kwa wakwe, na hakuna aliyewahi kufikiria vinginevyo.

Nilituma linki kwa ukoo wote kwa mkupuo mmoja. Majibu yakaanza kumiminika, nami nikawa nafungua jedwali kila baada ya dakika kumi. Siku ya tatu nikakuta mstari wa baba. Je, utafika? Hapana. Mtakuwa wangapi? Sifuri. Kwenye ujumbe ameandika: Nawatakia sherehe njema.

Nilidhani amebonyeza vibaya. Nikapiga simu, hakupokea. Nikamwonyesha mdogo wangu. "Kama baba hayupo, mimi sitoki," alisema. "Waambie wakwe wasubiri." Namjua, hakuwa anatishia.

Jumamosi asubuhi nikapanda Oldonyo Sambu na kompyuta yangu begani. Nilimkuta zizini, anampaka dawa ndama mguuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

Nikamweleza fomu ni ya nini: ukumbi wanataka idadi, mpishi anataka idadi, kila mtu ametumiwa ileile. Nilisema mengi, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mteja. Alinisubiri nimalize.

"Na wewe umeijaza?"

"Mimi?"

"Wewe. Umejibu kama utafika?"

Nikasema sijajaza. Haikunijia hata akilini. Mwenye shughuli anajazaje?

"Haya," alisema, akarudi kwenye mguu wa ndama.

Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimemkaribisha mtu kwenye shughuli yake mwenyewe. Nilimkumbuka baba aliyekufa kwa machozi, na huyu aliye hai nikampa kisanduku achague. Nikapiga magoti palepale zizini, kwenye samadi, nikamwomba msamaha.

"Inuka, unachafua nguo," alisema. Alinawa mikono, tukaingia ndani.

Nikafungua ukurasa mezani kwake na kuweka jina lake mahali pa jina la kaka yake. Akakataa. "Yeye abaki juu. Mimi niweke chini yake." Nikamwandika chini ya marehemu, baba mzazi na baba mlezi, kwa herufi zinazosomeka. Kisha nikafungua jedwali na kufuta mstari wake, huku akiangalia.

Aliivuta kompyuta upande wake, akaanza kupitia waliojibu, jina moja moja kwa kidole. Huyu haketi karibu na yule. Hawa wanatoka mbali, watalala wapi? Mpishi ni nani?

Simu yangu ikaita, alikuwa mdogo wangu. Hakunisalimia.

"Anakuja?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo, nikalisikia swali lenyewe: ni lilelile la fomu.

"Anauliza wageni wetu watalala wapi," nikamwambia.

Nilimsikia analia, nikampa baba simu.