Maswali Matatu ya Mashoto

Wifi yangu haendi mahali bila kuuliza. Ukimwalika kwako Jumapili, atataka kujua shughuli inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, na nani mwingine anakuja. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, husema dada yake alizaliwa akimhoji mkunga. Mimi nimeishi naye nyumba moja na kufanya naye kazi karakana moja, kwa hiyo nina haki ya kumcheka mara mbili.

Karakana yetu inashona sare: za shule, za walinzi, za wauguzi. Mimi niko kwenye cherehani ya vifungo. Yeye ni mkataji, na kila mtu anamwita Mashoto kwa sababu ya mkono wake. Mpe mkasi wa kawaida, kitambaa kitajikunja na mstari wa chaki hatauona, maana ule mkasi umeundwa kwa mkono wa kulia. Mpe wake, halafu kaa pembeni utazame. Aliyemfundisha yote hayo ni Fundi Mkuu, mwenye karakana, mtu mkimya ambaye akikusifu husema "siyo mbaya," nawe unalala unatabasamu.

Mashoto aliomba kazi ya ukufunzi katika chuo cha ufundi bila kumwambia mtu zaidi yetu wa nyumbani. Aliitaka kazi ile hadi unamwonea huruma. Alikuwa akifundisha hata mito ya kochi namna ya kupanga vipande kitambaa kisipotee. Mwaliko ulipoingia kwenye simu yake, mchana tukiwa tunakula, alinifinya paja nusura nimeze kijiko.

Mwaliko wenyewe ulikuwa mfupi kama risiti: usaili ni Jumanne saa nne asubuhi, Jengo la Ufundi, tafadhali thibitisha kwa kujibu barua pepe hii. Basi. Mara moja akaenda kumwomba Fundi Mkuu ruhusa ya Jumanne. Alisema anakwenda kung'oa jino.

"Pole sana," Fundi Mkuu akamwambia. "Hata mimi Jumanne asubuhi sitakuwepo. Karakana itajiendesha yenyewe."

Jioni tulikaa sebuleni kuandika jibu. Mume wangu alikuwa na ushauri wake, kama kawaida.

"Andika 'nitakuja, asante', funga simu. Watu wamekuita, wewe unataka kuwafanyia usaili wao?"

"Kaka, wewe ulikwenda usaili na suti, ukakuta ni wa kubeba magunia," Mashoto akamjibu. "Niache niulize."

Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba ana habari za kusikiliza redioni. Wifi akaandika, akafuta, akaandika tena, kisha akanisomea:

"Kwa Afisa Utumishi. Nashukuru kwa mwaliko wa usaili wa nafasi ya mkufunzi wa ukataji. Nathibitisha kwamba nitahudhuria Jumanne saa nne asubuhi katika Jengo la Ufundi. Ili nijiandae vizuri, naomba kufahamishwa iwapo usaili ni wa mazungumzo pekee au una jaribio la vitendo, utachukua muda gani, na ni akina nani watakaokuwa kwenye jopo. Kama kuna jaribio, naomba pia kujua iwapo naruhusiwa kuja na mkasi wangu, kwa kuwa natumia mkono wa kushoto. Natanguliza shukrani."

Chini akaweka jina lake kamili na namba ya simu. Nilimwambia mkasi ungetosha, hao watu wa jopo wa nini?

"Wifi, nikijua ni mafundi nitaongea kifundi. Nikijua ni watu wa ofisi tu, nitaeleza polepole. Na nimethibitisha kwanza ndiyo nikauliza, wasije wakadhani nakuja kwa masharti."

Akatuma.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi tukiwa karakana, la adabu kabisa. Mazungumzo ya nusu saa, kisha jaribio la kukata la saa moja. Kwa hiyo atenge saa moja na nusu. Mkasi wake anakaribishwa nao. Jopo lina watu watatu: mkuu wa idara, afisa utumishi, na fundi mtaalamu kutoka nje ya chuo. Majina yao yalifuata. La tatu lilikuwa la Fundi Mkuu wetu.

Alinipa simu nisome mwenyewe. Nikasoma, nikamrudishia, nikaanza kucheka, Mungu anisamehe. Akilini nilimwona akiingia chumba cha usaili na meno yake yote thelathini na mawili, na Fundi Mkuu amekaa mezani anayahesabu.

"Usinicheke," akasema, na macho yake yakawa na maji. Nikaacha papo hapo. "Mtu amenishika mkono tangu sijui kushika chaki, nami nimemdanganya machoni. Nikijitoa, nafasi hii hairudi. Nikienda kimya, ataniona mnafiki mbele ya wageni."

"Sasa?"

"Sasa namwambia."

Alikwenda vile vile, na aproni yake. Fundi Mkuu alikuwa kwenye meza ndefu akinyoosha vitambaa vya walinzi. Mimi niliacha vifungo nikajifanya natafuta uzi kwenye kabati lililo karibu nao, maana nina moyo wa kusaidia.

"Fundi, sina jino bovu," Mashoto akasema. "Jumanne nina usaili chuoni. Niliuliza nani yumo kwenye jopo, wameniambia na wewe umo."

Fundi Mkuu aliendelea kunyoosha kitambaa kilichokwisha nyooka.

"Uliwauliza?"

"Niliwauliza."

"Sisi orodha ya wasailiwa tunapewa siku yenyewe," akasema. "Ningekukuta pale tu." Alitoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, huku akitamka kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikiandikia chuo kwamba mmoja wa wasailiwa ni mfanyakazi wake, si haki ampime, watafute fundi mwingine. Akatuma, akaweka simu mezani.

Mimi nikadhani yameisha. Nilikuwa nimeshapata uzi, hata wa rangi nisiyoihitaji.

"Kaa," akamwambia Mashoto. Akakaa. "Kabla hawajatangaza hiyo nafasi, mkuu wa idara alinijia hapa. Aliniuliza kama namfahamu mkataji anayeweza kufundisha. Wewe ulikuwa umesimama pale, unakata."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia simfahamu."

Mashoto alisimama. Sijawahi kumwona na hasira kama ile, na nilimpa haki yote.

"Fundi! Kwa nini?"

"Ningesema, ungeondoka." Akakunja kitambaa alichokuwa amekinyoosha. "Nilifikiri, kama hujui kuna nafasi, hutateseka kuchagua. Kumbe niliyekuwa namwonea huruma ni mimi mwenyewe."

Wifi yangu, anayemuuliza kila mtu kila kitu, hakuuliza tena. Alibaki amesimama, mkono wake wa kushoto umeshika ukingo wa meza. Kisha Fundi Mkuu akavuta kitambaa kipya, akakitandaza mbele ya Mashoto.

"Jaribio la saa moja watakupa suruali au koti," akasema. "Nadhani koti, kola yake ndiyo inayowashinda watu. Anza tuone. Nikikuona umekosea sitakwambia siyo mbaya."