Tangazo la Pilau ya Ijumaa

Dada yangu hupika nyumbani kwake Mafubira, Jinja, na kila Jumapili hurusha tangazo la chakula cha Ijumaa kwenye makundi ya simu. Mimi nakaa Mbale, nasimamia ghala eneo la viwanda, na kazini kwetu watu sita saba huagiza kwake kila wiki. Tangazo lenyewe lilikuwa balaa. Salamu mistari mitatu, dua, picha za maua, kisha: "Wiki hii pilau na vitu vingine vitamu, oda mapema, Mbale pia tunafika inshallah." Vitu gani? Mapema lini? Mwenzangu mmoja aliagiza Alhamisi jioni, Ijumaa akashinda na njaa, na lawama akaniletea mimi.

Nikampigia dada, nikamwambia nitaliandika upya. Alifurahi kweli. "Wewe ndio ulisoma," akasema.

Vyakula vilikuwa rahisi: pilau ya nyama ya ng'ombe, au mchuzi wa kuku na chapati mbili. Kachumbari inakuja na kila sahani, sahani ni ya mtu mmoja, bei pembeni. Nilitunga na jibu fupi la kumrudishia kila anayeagiza, ili ajue ameandikwa. Siku ya mwisho ndiyo ilitaka akili, maana unahesabu kurudi nyuma: chakula kinafika lini, kinatoka lini, jiko linawashwa lini, nyama inanunuliwa lini. Nyama huinunua Alhamisi asubuhi. Basi mwisho wa kuagiza ni Jumatano saa kumi na mbili jioni, na aliyechelewa angoje wiki ijayo. Watu wa Jinja wachukue nyumbani kuanzia saa tano, au boda awapelekee mjini.

Ikabaki Mbale.

"Dada, ya Mbale inatoka huko saa ngapi?"

"Andika tu tunafika."

"Hiyo ndio inasumbua watu. Saa ngapi?"

Akarudi kwenye bei za sahani. Nikaanza kuhesabu mwenyewe. Jiko huliwasha baada ya swala ya alfajiri, na pilau ya watu wote wale haiivi kabla ya saa nne. Kutoka Jinja hadi Mbale ni masaa matatu, barabara ikiwa na huruma. Na kazini kwetu chakula kilikuwa kinafika saa sita, ukifunua mkebe mvuke unakupiga usoni. Nilikila zaidi ya mwaka mzima. Mimi, mtu wa kuandika saa za malori kuingia na kutoka, sikuwahi kuhesabu hili.

"Iko mama moja huko kwenu, Namatala," akasema mwishowe. "Yeye ndio napika ya Mbale."

"Na bizari ya mama?"

"Nilimufundisha."

Hapo nikakaa chini. Mama yetu alikuwa na bizari yake ya pilau, akiikaanga na kuitwanga mwenyewe, na alipofariki ilibaki kwa dada peke yake. Nimemwomba anionyeshe, si mara moja. Kwanza aliniambia mama alikataza isiandikwe. Baadaye akaniambia mkono wangu si wa jikoni. Kila Idi nikifika Mafubira nakuta imeshatwangwa, iko kwenye kopo, na mimi napewa vitunguu nikate. Nilikubali, hata nikawa najitania mwenyewe mbele ya wageni.

"Ulimfundisha wapi?"

"Kule kwake. Nilikuja siku tatu."

Siku tatu Mbale. Kutoka Namatala hadi mlangoni kwangu ni safari fupi ya boda, na hakunipigia hata simu ya salamu.

"Ningefanyaje, mudogo wangu? Wewe uko na kazi yako. Yeye alikuwa anataka kujifunza."

Iliniuma. Bado inaniuma. Mgeni alionyeshwa kwa siku tatu kitu nilichokiomba miaka yote, na mimi ndiye nilikuwa nikisifu pilau ile ofisini, nawaambia watu huu ni mkono wa nyumbani kwetu.

Nikamalizia tangazo. Mstari wa Mbale niliuandika hivi: "Chakula cha Mbale kinapikwa Namatala na kufika kazini kwako Ijumaa saa sita mchana." Jumapili akalirusha. Kila neno lilikuwa langu, ila maneno "kinapikwa Namatala" alikuwa ameyaondoa.

Watu wakalipenda. Mwenzangu yule wa Alhamisi akasema sasa hata mtoto angeelewa, akaagiza palepale.

Mimi niliapa sitaagiza tena. Ikafika Jumatano saa kumi na moja na nusu, nikaiangalia saa, nikajua kwamba hiyo ndiyo njia pekee niliyobakiwa nayo ya kula chakula cha mama bila kungoja Idi. Nikaandika: pilau, sahani moja, Mbale.

Dada alijibu hapohapo, kwa maneno niliyomtungia mwenyewe: "Asante, mteja wetu. Oda yako imepokelewa."