Fedha ya Maiti

Ningeweza kughairi pale pale kwenye kaunta ya benki, fomu ikiwa mbele yangu na sijaweka sahihi. Karani aliniuliza kama nina hakika nataka kutoa zote. Nikasema ndiyo, tena kwa sauti ya mtu anayecheleweshwa.

Fedha hazikuwa zangu. Zilikuwa za chama chetu cha kuzikana, Watanzania thelathini na kitu tuliokuwa Durban. Kila mwezi kila mmoja alitoa randi hamsini, ili anayekufa asizikwe ugenini bali asafirishwe kwao. Akaunti ilikuwa kwa jina langu peke yangu, kwa sababu wakati ule ni mimi niliyekuwa na kibali ambacho benki ilikikubali. Wenzangu hawakuwa na namna ya kunichunguza. Waliniamini tu.

Aliyeniingiza kwenye hasara hii alikuwa mwenzangu wa ghala moja huko Mobeni, mtu wa kwetu Moshi kabisa, mcheshi, mwenye kulipia watu chai. Alisema kuna kampuni inafanya biashara ya fedha za kigeni: unaweka elfu moja, baada ya siku thelathini unachukua elfu moja na mia nne. Ukileta watu watatu, unapata na fungu lako juu ya walichoweka. Nilijaribu na mia tano zangu. Mwezi ulipoisha nikahesabiwa mia saba mkononi. Leo najua mia saba ile ilitoka mfukoni mwa mtu aliyeingia nyuma yangu. Siku ile niliona ni ushahidi.

Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya saluni ya mama mmoja Mkongo. Nikamwambia, nikidhani namfanyia hisani.

"Papa, hiyo faida inatokaka wapi?" akaniuliza, huku anamsuka mteja. "Wanauzisha nini?"

"Fedha za ng'ambo, mama."

"Umeona karatasi ya hiyo biashara?"

"Nina risiti."

Akacheka hadi mteja naye akacheka. "Risiti inasema wamekamata feza yako. Mimi nauliza wameifanya nini. Na serikali iliwapa ruhusa ya kukamata feza ya watu? Na kama kesho hakuna mutu mupya wa kuingia, weye utalipwa na nani?"

"Wakongo mnaogopa hata kivuli."

"Tunaogopa sababu tulishakulaka hiyo. Kwetu watu waliuzisha mpaka mabati ya nyumba. Enda, papa, ulize tu. Kama wanakasirika, rudia na feza yako nyumbani."

Sikuuliza. Mwenzangu alikuwa amesema nafasi za mwezi ule zinafungwa Ijumaa, na mimi niliiogopa Ijumaa kuliko nilivyomwogopa Mungu. Randi elfu kumi na mbili za chama nikazipeleka ofisini kwao, vyumba viwili vya kukodi juu ya duka la mazulia. Nilijiambia nitazirudisha na ziada na chama kitanishukuru. Ukweli ni kwamba ziada nilikuwa nimekwisha kuigawa moyoni, sehemu kubwa ikiwa yangu. Nikawaleta na wanachama watano, kila mmoja na akiba yake. Hawakumwamini mwenye kampuni. Waliniamini mimi, mweka hazina wao, na nikapokea fungu langu juu ya migongo yao.

Siku ya kulipwa tukaambiwa, "Msitoe, acheni zizae." Mwezi uliofuata, eti benki inakagua hesabu. Halafu, lete watu wawili ndipo mlango ufunguke. Nikapanda ngazi zile Jumatatu moja nikakuta vyumba vitupu na waya wa simu umekatwa. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye ngazi analia. Naye alikuwa ameweka kila alichokuwa nacho. Polisi waliandika maelezo yetu. Zaidi ya hapo sikusikia kitu.

Wale watano walijua akiba zao zimepotea; habari ya fedha za chama sikumwambia mtu. Wiki saba nilipokea michango na kuitia kwenye akaunti tupu kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndipo mdogo wangu, niliyemwita mwenyewe aje Durban, akabanwa na lori bandarini akafa. Wanachama wakaja chumbani kwangu na orodha ya gharama za kumsafirisha, wakasema, "Pole, kaka. Sasa tutoe fedha."

Nikawaambia. Hakuna aliyenipiga. Mmoja wa wale watano alisema, "Kumbe ulikuwa unatuzika sisi," wakatoka.

Walichanga upya kwa ajili ya mdogo wangu, si kwa ajili yangu. Haikutosha, na chumba cha maiti hakikusubiri. Tulimzika Durban. Mama alikuwa amekwisha kuchimbisha kaburi kihambani, kwenye shamba letu la migomba, kando ya baba. Likafukiwa bila mtu ndani. Mama alikufa miaka minne baadaye bila kupokea simu yangu hata moja, na wanachama hawakunisamehe. Kusaini fomu ile kulinipotezea mazishi ya mdogo wangu nyumbani, mama yangu, na kila mtu aliyewahi kuniamini na fedha yake.