Shuka Mbili Kwenye Kamba Moja

Mama mwenye duka la udobi pale Kimara alinishuku tangu nilipovua viatu mlangoni. Sikumlaumu. Mwaka uliotangulia alikuja kijana mmoja, suti na mkoba, akamuuzia pasi ya mvuke ambayo ingemaliza kazi ya siku nzima kwa saa mbili. Ilifanya kazi wiki tatu, ikafa. Simu ya kijana ikawa haipatikani. Pasi ilikuwa bado juu ya kabati, na nilipomwamkia shikamoo aliitikia huku akiitazama.

Mie nilikuwa na miezi miwili kazini, nauza mashine za kufulia za duka moja la mjini. Bosi wetu alitukaririsha karatasi ya sifa za mashine hizo kama sala, na ndiyo niliyomwaga pale. Ngoma ya kufulia inayobeba nguo za kilo kumi na mbili. Mota isiyo na mkanda. Programu kumi na sita. Kukamua kwa mizunguko elfu moja na mia nne kwa dakika.

Mama alikuwa anahesabu mashati ya mteja aliyesimama nje, anafunga bunda, anapokea simu. Kila nilipotaja kitu aliuliza, bila kunitazama, "Kwa hiyo?"

Nikasema mota haina mkanda, kwa hiyo haina kelele. Akaniambia barabara ya Morogoro ipo pale, kelele zinamdhuru nini? Nikataja programu kumi na sita. Akauliza kama kuna nguo za aina kumi na sita duniani. Mie nami nikaanza kumshuku. Nikadhani ananiweka pale apate cha kumchekesha. Nikakunja karatasi niondoke, mvua ikanizuia.

Ndipo nikaona nilichopaswa kukiona mapema. Alikimbia uani na wafanyakazi wake wawili, wanawake wa makamo, wakaanua nguo zote na kuzitandaza ndani: juu ya viti, juu ya meza, juu ya mlango. Zilikuwa zinachuruzika. Mteja mmoja akaja kuchukua shuka za gesti yake, akaambiwa bado. Akasema zile za juzi zilinuka uvundo. Aliondoka yule mtu, Mama akabaki ameshika shuka mbichi, anainusa.

Nilimuuliza zinakaa siku ngapi kukauka wakati wa masika. Akasema mbili, nyingine tatu.

"Mama," nikasema, "ile mizunguko elfu na mia nne maana yake ni hii shuka. Mikono haiwezi kukamua hivyo. Ikitoka humo imebaki na maji kidogo, inawahi kukauka, haipati muda wa kuvunda."

Kwa mara ya kwanza alinitazama. Sikuona imani usoni pake. Niliona mtu anayetafuta mtego ulipo.

"Maneno hayo hata yule wa pasi alikuwa nayo," akasema. "Lete mashine hapa. Sio dukani kwenu. Hapa, na maji yangu, na nguo nitakazochagua mie."

Bosi alinung'unika lakini alinipa ya maonyesho na pikapu. Tulifika siku ya manyunyu. Mama alitoa shuka mbili za gesti zilizofanana, akashona uzi mwekundu kwenye pindo la moja, nisije nikazibadilisha. Moja wafanyakazi wake waliifua na kuikamua kwa mikono, huku na huku, mpaka mishipa ikawatoka. Ya uzi mwekundu iliingia kwenye mashine. Akaketi mbele yake mpaka iliposimama. Zote mbili akazianika kwenye kamba moja, barazani.

Kila baada ya muda aliinuka, akaweka shuka shavuni. Mchana ya uzi mwekundu ilikuwa kavu. Ya pili bado ilikuwa nzito upande wa chini.

Nilidhani nimeshinda. Akauliza, "Na blanketi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Bosi angependa niseme ndiyo. Nikamwambia blanketi zito litatoka na unyevu, litahitaji jua au siku ya pili. Nikamwambia pia kwamba maji yakikatika katikati, mashine inasimama inayasubiri, kwa hiyo lazima aiunge kwenye tangi lake.

Akanipa daftari na kalamu, akanitaka niandike kwa mkono wangu yote ambayo mashine haiwezi, na jina la fundi wa kuitengeneza, namba yake ya simu, na anakoishi. Alipiga simu kwa fundi palepale, kuhakikisha kwamba ni mtu kweli.

Mashine aliinunua wiki hiyo. Ile karatasi ya bosi aliikataa, akasema hana kazi nayo. Ukurasa wangu aliubandika ukutani juu ya mashine, na kila nilipopita Kimara nilimkuta anausoma, kisha ananitazama, bado hajaridhika.